"Nitajitahidi" Si Jibu

Katika vyama vyetu vya wanafunzi wa Kiswahili kuna neno moja linalotupotezea muda kuliko mvua na foleni za magari zikiwekwa pamoja. Neno hilo ni "nitajitahidi". Mwenyekiti akiita kikao, nusu ya wajumbe hulijibu hilo, na kila mtu huondoka akiamini kwamba ameonyesha adabu. Mimi nasema si adabu. Anayejibu hivyo huku akijua kwamba hatakuja amemdanganya mwenzake kwa sauti laini. Anayesema "hapana" mapema, kisha akataja njia nyingine isiyomtwisha mwenyekiti kazi mpya, ndiye aliyemheshimu.

Najua nitakavyojibiwa. Wenzangu wengi husema kwamba katika malezi yetu mtu hamkatalii aliyemwalika usoni, hasa akiwa mkubwa kwake. Malezi hayo nami nimelelewa nayo, hapa Rwanda. Lakini mzee akikualika mlo nyumbani kwake, chakula kikibaki watoto watakila jioni. Kikao hakina watoto wa kukila jioni. Kina akidi, na akidi haitimizwi kwa nia njema.

Nitaeleza mfano mmoja kwa hesabu zake, kwa sababu bila hesabu ubishi huu hauishi. Tulikuwa kamati ya watu tisa ya kuandaa maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, ile ambayo mwaka 2021 UNESCO iliipangia tarehe 7 Julai. Wajumbe wanne walikuwa Kampala, mwenyekiti akiwa mmoja wao. Watatu tulikuwa Kigali na wawili Bujumbura. Kikao ni cha simu, na katiba yetu inataka watu watano ndipo uamuzi ukubalike. Jumatatu, tarehe 26 Mei, mwenyekiti aliita kikao Jumamosi ya tarehe 31, saa tano asubuhi kwa saa za Kampala. Jambo kubwa lilikuwa bajeti, na ndani ya bajeti fulana sitini, ambazo mchapaji alikubali kuzifanya kwa bei nafuu iwapo angepata oda kabla ya tarehe 5 Juni.

Saa tano ya Kampala ni saa nne ya Kigali, maana sisi na Bujumbura tuko nyuma yao kwa saa moja. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hapa kwetu, saa mbili hadi saa tano asubuhi ni wakati wa umuganda. Sheria inawahusu wakazi wa miaka 18 hadi 65. Maduka hufungwa, magari hupungua barabarani, watu hushika majembe na mafagio, na kazi ikiisha mara nyingi wakazi huketi pamoja kuzungumzia mambo ya mtaa. Mganda aliyeko Kampala hana sababu ya kulijua hilo, na sikumlaumu mwenyekiti wetu hata kidogo. Lakini sisi watatu wa Kigali tulilijua kama tunavyoijua siku ya Jumapili.

Jumatatu hiyohiyo jioni nilimwandikia hivi:

"Kaka Mwenyekiti, habari za kazi. Kikao cha Jumamosi tarehe 31 sitaweza kuhudhuria. Saa hiyo Kigali ni umuganda, hadi saa sita yenu ya mchana, na nadhani linawagusa wajumbe wote wa huku. Ikiwa wengine hawajathibitisha, siku hiyohiyo saa tisa alasiri ya Kampala, yaani saa nane ya Kigali na Bujumbura, nipo bila shaka. Ikiwa wamekwisha kuthibitisha, usihamishe kikao kwa ajili yangu. Nitakutumia maoni yangu ya bajeti kwa maandishi Alhamisi kabla ya magharibi. Usipopata nafasi ya kunijibu hadi Jumatano jioni, nitajua kikao kimebaki palepale, nami nitatuma maandishi. Nafahamu maandishi hayanihesabu kwenye akidi."

Wenzangu wawili wa Kigali waliandika "nitajitahidi". Mmoja wa Bujumbura aliandika "Mungu akipenda".

Sasa tazama kilichotokea kichwani mwa mwenyekiti, kwa maana baadaye alinieleza mwenyewe. Alisoma ujumbe wangu kuhusu umuganda, kisha akasoma majibu ya wale wawili wanaoishi mji uleule. Akajiuliza: kama umuganda unazuia kweli, mbona hawa wawili watajitahidi? Akahitimisha kwamba udhuru wangu ni wa mtu mmoja, na kwamba si haki kuwahamisha watu wanane kwa ajili ya mmoja. Kwa taarifa alizokuwa nazo, aliamua sawasawa. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. "Nitajitahidi" ya wenzangu haikuishia kumnyima mwenyekiti ukweli wao. Iliugeuza ukweli wangu kuwa kisingizio.

Jumamosi ilipofika, waliokuwepo hewani ni watatu wa Kampala, kwani wa nne aliamka mgonjwa, na mmoja wa Bujumbura. Wanne. Walisubiri saa nzima na robo, vifurushi vya intaneti vikiisha, wakitazama majina mawili ya Kigali na kuambiana kwamba huenda wanaingia sasa hivi. Hakuna aliyeingia, walikuwa kwenye mtaro na majembe, kama walivyojua tangu Jumatatu. Kikao kikafungwa bila uamuzi. Kilichofuata kiliwezekana tarehe 14 Juni, mchapaji akiwa amepandisha bei, na kwa fedha ileile tukapata fulana arobaini badala ya sitini.

Kuna aliyeniambia: "Ungeingia wewe wangekuwa watano, kwa hiyo ni wewe uliyekivunja kikao." Hapana, bwana. Mimi nilijitoa kwenye hesabu siku tano kabla, nikasema waziwazi kwamba maandishi hayatanirudisha. Hesabu ya mwenyekiti iliharibiwa na wale waliobaki ndani yake kwa jina tu. Angejua Jumanne kwamba Kigali nzima haipo, angeona amebakiwa na sita, akidi ikiwa tano, na kwamba homa ya mtu mmoja na mtandao wa mwingine vinatosha kumwangusha. Angesogeza kikao hadi saa tisa na kazi ingekwisha siku hiyohiyo.

Ujumbe wangu si wa kunakiliwa neno kwa neno, lakini una mambo mawili ninayoyatetea.

La kwanza ni sababu. Tumezoea kudhani sababu ni ya kujitetea, ndiyo maana tunazirundika: shangazi anaumwa, simu haina chaji, na pia kuna mtihani. Mwenyekiti hahitaji kujua kama wewe ni mtu mwema. Anahitaji kujua kama kinachokuzuia kitawazuia na wengine. Umuganda niliutaja kwa sababu hiyo, pamoja na saa unapokwisha. Ningekuwa nakwenda kwa daktari wa meno ningesema "nina miadi" na kuishia hapo.

La pili ni ile njia mbadala, na hapa hata wakweli huteleza. Wengi, wakishakataa, huongeza: "Naomba mtafute muda mwingine unaotufaa sote." Kauli hiyo inasikika kama ushirikiano, kumbe ni mzigo. Mwenyekiti aliyekwisha kuwauliza watu wanane anaambiwa aanze upya, na awaulize bila kujua hata wewe uko huru lini. Kama kikao ni cha watu wawili au watatu, pendekeza muda, lakini utaje siku, tarehe, na saa kwa saa za kila mji. Tena uandike "saa nne asubuhi" kwa maneno. Nimeona mtu akiandika "saa 10", mmoja akaelewa alasiri, mwingine, aliyezoea saa za Kifaransa, akaelewa asubuhi, na kila mmoja akamsubiri mwenzake saa sita mbali. Kama kikao ni cha watu wengi, na wengi wamekwisha kukubali, muda wako haupaswi kuwa ombi la kwanza. Toa kitu kisichohitaji ruhusa ya mtu: maoni yako kwa maandishi juu ya ajenda fulani, au takwimu ambazo wewe ndiye unazo, na useme zitafika lini.

Ndipo inapoingia ile sentensi ya "usipopata nafasi ya kunijibu". Rafiki yangu mmoja aliiona kama kiburi, ati nampangia mwenyekiti tarehe ya mwisho. Mimi naiona kinyume chake. Mtu anayeandaa kikao cha watu tisa hupokea ujumbe mwingi, na kila pendekezo lisilo na mwisho humdai jibu. Nilichofanya ni kumwondolea deni: akinyamaza, kila kitu kinajulikana. Tena nilimwachia siku mbili nzima.

Sidai kwamba njia hii inatosha kila mahali. Ikiwa kikao kinamjadili mjumbe anayetuhumiwa, maandishi yako ya mbali hayatoshi, maana anastahili kukusikia na kukuuliza. Hapo omba siku nyingine, hata kama inasumbua. Kuna na vikao usivyovitaka kabisa, ambavyo hata ukibadilishiwa saa mara tatu hutakwenda. Kwa hivyo usitoe njia mbadala hata moja. Sema hapana, ushukuru, unyamaze. "Tutapanga siku nyingine" unayoisema ukijua siku hiyo haipo ni ndugu yake "nitajitahidi", tumbo moja.

Na kwa wale wanaoniuliza kama ningethubutu kumwandikia hivi mwalimu wangu: nimemwandikia. Nilianza na "Shikamoo Mwalimu", kwa sababu yeye ni wa Kigoma na ndivyo tunavyosalimiana, nikamweleza kwamba Jumanne saa nane nina zamu ya maktaba, nikamtajia Jumatano saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, na nikasema kama zote mbili hazimfai nitaacha sura yangu ya pili mezani kwake ili aisome anapopata wasaa. Alijibu neno moja: "Saa kumi."