Kwa nini kila timu lazima iwe na mbabe?

Juzi nilikuwa naangalia tena ile filamu ya Ninja Turtles ya mwaka 1990. Mdogo wangu akauliza: "Hivi kwa nini kila timu ina kiongozi, mbabe na mwenye akili?" Rahisi kujibu kwamba watunzi ni wavivu. Mimi nabisha.

Kevin Eastman na Peter Laird walipotoa kitabu chao cha kwanza mwaka 1984, michoro ya ndani haikuwa na rangi. Kobe wanne wanaofanana, ukiwatofautisha zaidi kwa silaha. Katuni ya televisheni ya mwaka 1987 ikampa kila mmoja rangi ya kitambaa na kukoleza tabia: Leonardo anaongoza, Donatello anaunda mitambo, Raphael ana ulimi mkali, Michelangelo ni mzaha na piza. Sasa hata ukifunika majina, unajua nani kasema nini.

Lakini kuna zaidi. Nafasi hizo huzaa ugomvi. Kwenye filamu, Raphael anagombana na Leonardo, anapanda juu ya paa peke yake, maadui wanamvamia na kumjeruhi vibaya. Hadithi inageukia hapo. Kiongozi asiye na wa kumbishia hana hadithi.

Tatizo ni pale nafasi inapommeza mtu. Donatello akija kutengeneza mtambo tu kisha akapotea, huyo ni fundi, si mhusika. Jiulize: ukimvua kazi yake, kuna kitu anachokitaka?

Wewe unasemaje?