Picha ya dawa kwenye simu: unailinganisha na nini?

Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, hospitali za Ituri, mashariki mwa Kongo, zilipokea wagonjwa 1,029 waliokakamaa shingo, uso na ulimi. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Watu 11 walifariki. Baadaye iligundulika kwamba wengi walikuwa wamemeza vidonge vya njano vilivyouzwa kama diazepamu. Maabara ilipovipima, ndani kulikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili.

Msikilizaji, vidonge vile vilikuwa na alama inayoonekana kwa macho. Vilichongwa herufi AGOG, ambazo hazikulingana na dawa iliyotajwa kwenye chupa. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari likieleza alama hiyo. Mtu mwenye simu na kidonge mkononi angeweza kugundua kwamba kuna kasoro.

Hapa Ushirombo dawa tunayonunua mara nyingi ni mseto wa malaria. Tuchukue mfano wa Koatemu ya mtu mzima, vidonge 24, ambayo imekutia shaka. Kabla ya kufungua mtandao, andika kilicho kwenye boksi: jina la dawa, kiwanda, namba ya toleo (inaandikwa Batch au Lot) na tarehe ya mwisho (EXP). Kisha tazama pakiti ya vidonge. Namba na tarehe zake zifanane na za boksi. Zikitofautiana, tayari una sababu ya kuuliza, hata bila bando.

Sasa ingia kwenye tovuti ya kiwanda kilichotajwa kwenye boksi. Andika anwani mwenyewe, usipitie mraba wa kupiga picha uliochapwa kwenye boksi hilohilo. Aliyeghushi boksi anaweza pia kutengeneza ukurasa wa kukuambia kila kitu ni sawa.

Kiwanda cha Novartis kinaeleza kwamba kidonge cha Koatemu hiyo ni cha njano, mviringo na bapa, upande mmoja kina herufi NC na upande mwingine CG. Anza na herufi hizo. Rangi inadanganya, maana kidonge kilichopigwa picha chini ya taa ya sola huonekana tofauti na cha mchana. Herufi iliyochongwa haibadiliki kwa mwanga. Piga picha nje, kivulini, pande zote mbili, na ukiituma kwa WhatsApp itume kama faili, la sivyo herufi zinafifia.

Hapa wengi hukosea. Wanakuta herufi nyingine, wanapiga kelele kuwa ni feki, kumbe ni mseto halali wa kiwanda kingine. Lumartemu, kwa mfano, ni dawa ya aina hiyohiyo lakini hutengenezwa na Cipla, hivyo usiipime kwa picha ya Novartis. Boksi nalo linaweza kutofautiana na la kwenye tovuti kwa sababu picha ni ya nchi nyingine au ya muundo wa zamani. Tofauti ya boksi ni swali la kumuuliza mfamasia. Kidonge chenye alama isiyo ya kiwanda kilichoandikwa kwenye boksi ni jambo zito zaidi.

Baki namba ya toleo. Baadhi ya viwanda vina ukurasa wa kuiingiza na kuhakiki. Namba isipopatikana, kwanza angalia kama umeandika sifuri mahali pa herufi O. Ikipatikana, linganisha na tarehe ya mwisho uliyoandika. Namba sahihi yenye tarehe isiyo yake ni dalili mbaya. Lakini hata vyote vikilingana, usiseme dawa imethibitika, kwa sababu namba halisi inaweza kunakiliwa kutoka boksi moja halali na kuchapwa kwenye maelfu ya bandia.

Kwa hiyo picha inaweza kukuonya, lakini haiwezi kukuhakikishia kilichomo ndani ya kidonge. Kazi hiyo ni ya maabara. Ukiona kasoro, usitupe dawa wala usiirudishe dukani ikapotea. Hifadhi boksi, vidonge vilivyobaki na risiti, umpelekee mfamasia wa wilaya hapa Bukombe au ofisi ya TMDA. Na mgonjwa asikae bila dawa akisubiri majibu. Malaria haisubiri. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe na kupewa dozi nyingine, na mhudumu aelezwe alikuwa ameshameza nini.