Kazi ikisimamishwa, wacha kujibu "sawa, asante"

Umefanya intavyu tatu, halafu rikruta anakuandikia: nafasi imesimamishwa. Wengi wetu tunajibu "sawa, asante" ama tunanuna kimya. Hapo ndio tunajimaliza.

Kusimamishwa si kufutwa. Ikisimamishwa, mara nyingi pesa ndio zimefungwa, nafasi bado iko na inaweza kurudi, pengine bajeti mpya ikipita. Ikifutwa, hakuna kitu ya kungoja. Rikruta asiposema ni gani, muulize siku hiyo hiyo ama kesho yake:

"Asante kwa kunijulisha. Je, nafasi imesimamishwa kwa muda ama imefutwa? Ikifunguliwa, nitaanza intavyu upya ama nitaendelea nilipofika? Nikuulize tena lini?"

Maswali matatu, basi. Usimtukane, kwa sababu mara nyingi uamuzi ni wa mabosi wa pesa, na yeye ndiye atakayetafuta majina ikifunguliwa. Lakini pia usimwahidi kungoja. Akikupa tarehe, iweke kwa simu, umwandikie siku hiyo. Akikwambia "tutakujulisha" bila tarehe, hesabu hiyo imeenda, endelea kutuma maombi kwingine. Landilodi hapokei "tutakujulisha."