Bei ya Kabati

Bwana mmoja seremala aliagizwa kabati la nguo, akaniletea hesabu yake niitazame. Mbao alizihesabu vema: kabati lilihitaji futi 40, naye akaandika 50, kwa kuwa randa na nyufa hula sehemu yake. Hizo ni shilingi 9,000. Gundi, skrubu, msasa na vanishi, 1,500. Kazi ya saa 30 kwa shilingi 200, 6,000. Saa hizo alizitoa katika daftari la kabati lililotangulia, wala hakukisia.

Kosa lilikuwa katika gharama za karakana. Kodi, umeme, mlinzi na kunoa misumeno ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Alizigawanya kwa saa 400, ambazo yeye na msaidizi wake hukaa pale, akapata 60 kwa saa. Lakini saa za kuzungumza na wateja, kufuata mbao na kungoja umeme urudi haziandikwi katika kabati la mtu yeyote. Saa za kazi yenyewe ni 240 tu. Basi kila saa ibebe shilingi 100, na kabati lile 3,000, si 1,800.

Jumla ni 19,500, na hapo faida haijaingia.