Umri Haumzuii Fundi. Maabara Iliyofungwa Ndiyo Inamzuia

Mwaka jana niliposti video nikasema shule ni utapeli. Niliacha yuni mwaka wa pili, kwa hivyo nilijiona nina haki ya kusema hivyo. Fundi mmoja wa Grogan, msee wa miaka 34, amenifanya niione hiyo video kwa aibu. Na leo nataka kugombana na nyinyi mnaomcheka.

Huyu buda anatengeneza magari tangu amalize fomu foo na D+. Saa kumi na moja jioni ananawa grisi, saa kumi na mbili yuko darasani hadi saa mbili usiku. Anarudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, anataka kuwa injinia. Mtaani wanamwambia, "Si wewe ni injinia tayari? Karatasi ni ya nini?"

Inasikika kama sifa. Mimi nasema ni kumfungia mlango huku unatabasamu.

Juzi nilikuwa gereji kwake, Probox ikaletwa. Taa zinawaka poa, lakini ukiwasha gari, stata inalia "tik" na kunyamaza. Mwenyewe alishaambiwa kwingine anunue betri mpya. Fundi akachukua mita, akaweka ncha moja juu ya nguzo ya betri na nyingine kwenye teminoli iliyoishika, akaniambia niwashe. Mita ikasoma volti 3. Hapo inafaa kusoma karibu na sufuri, kwa sababu hizo chuma mbili zinagusana. Kumbe katikati kulikuwa na ule unga mweupe wa kutu. Akakwangua, akakaza, gari ikanguruma.

Kisha akafungua daftari. "Kijana, miaka kumi na tano nimekuwa nikikwangua na gari inawaka. Lakini sikujua kwa nini taa zinakubali na stata inakataa."

Akaniandikia V = IR. Stata ilikuwa inavuta kama ampea 150. Gawa volti 3 kwa 150, unapata omu 0.02, huo ndio upinzani wa ule uchafu. Sasa taa zinavuta kama ampea 10 tu. Zidisha 10 kwa 0.02: zinapoteza volti 0.2, hata macho hayaoni. Uchafu ni ule ule, lakini kwa stata unakula volti 3 nzima. Hesabu ya sekondari, na ilimwokolea mteja pesa ya betri.

Hapo ndipo tofauti iko. Fundi anarekebisha waya ambayo mtu mwingine aliichagua. Injinia anakaa chini kabla gari haijakuwepo, anapiga hesabu ya unene wa hiyo waya ndiyo isichomeke. Mkono hauwezi kuhisi kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Kwa hivyo ukimwambia msee aridhike na mkono wake, unamwambia aendelee kurekebisha makosa ya wengine hadi azeeke.

Sijifanyi ati njia ni rahisi. Anahitaji C+ kwa jumla, tena apite vizuri hisabati, fizikia na kemia. Digrii ya uhandisi ni miaka mitano. Baada ya hapo kuna miaka mingine ya kazi chini ya wahandisi kabla Bodi ya Wahandisi imsajili kama mhandisi kamili. Pia anaweza kupitia chuo cha ufundi, cheti halafu diploma, polepole. Anajua atakuwa ameingia miaka arobaini na kitu. Hiyo miaka itafika hata asiposoma.

Kinachomuua ni kitu kingine. Fizikia na kemia kila moja ina karatasi ya tatu, ya vitendo, alama 40 kati ya 200. Na darasa lake la jioni halina maabara. Mwalimu anachora bureti ubaoni, anaeleza vile tone moja linabadilisha rangi, wanafunzi wanaandika. Huyu mtu anashika mita kila siku, lakini bureti ya kwanza ataishika siku ya mtihani, mbele ya msimamizi, saa ikienda. Moja kwa tano ya alama, unaiendea gizani.

Na karibu na hilo darasa kuna sekondari ya mchana yenye maabara. Jioni inafungwa kufuli. Bureti zimo ndani, zinalala.

Kwa hivyo wasee, tukiacha kubishana kuhusu umri wa fundi, tuulize wakubwa wa elimu swali moja: kwa nini hiyo maabara isifunguliwe jioni mbili kwa wiki, watu wa masomo ya jioni walipie kemikali na mtu wa kusimamia?

Ile video yangu nimeifuta. Fundi hakuniomba. Aliniuliza tu kama bado nina vitabu vyangu vya kemia, nikampelekea.