Tuondoe picha kwenye fomu za karo

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo tunaifundisha darasani kana kwamba inahusu bidhaa za sokoni tu. Mimi nimekuja kutambua, tena kwa kuona haya, kwamba inawahusu pia watoto wetu, na kwamba mnunuzi aliyedanganywa na sura nilikuwa mimi mwenyewe.

Hapa Likuyani, kama kwingineko nchini, msimu wa kufungua shule ni msimu wa kuhangaika. Mahindi yamekwisha kuuzwa, pesa zimelipa madeni ya mbolea, na karo bado inadaiwa. Wazee wa kijiji chetu walianzisha mchango mdogo wa kuwasaidia wanafunzi wa sekondari, nami nikateuliwa kuwa miongoni mwa watakaosoma fomu za maombi. Fomu zilikuwa 31, na fedha zilizokuwapo zingewatosha watoto 12. Kila fomu ilikuwa na picha ndogo iliyobanwa pembeni. Tuliagizwa kutoa alama kuanzia moja hadi kumi, kwa kupima dhiki ya mwombaji na bidii yake masomoni.

Nilizisoma zote kwa jioni moja. Msichana mmoja, aliyepigwa picha studioni, uso wake ukiwa wazi na tabasamu limemkaa vyema, nilimpa alama nane. Mvulana mmoja mwenye kovu la moto shavuni, ambaye picha yake ilikuwa na giza kwa kuwa ilipigwa kwa simu jikoni, nilimpa tano. Siku ya pili, kwa sababu ambayo nitaieleza, nilizifunika picha zote kwa karatasi na kuzisoma fomu upya. Msichana alipata sita. Mvulana, ambaye ni yatima na ambaye alikuwa wa pili darasani mwake, alipata nane. Hakuna neno hata moja lililokuwa limebadilika katika fomu zile.

Sababu iliyonirudisha mezani ni jaribio moja nililokuwa nimelisoma zamani, ambalo usiku ule lilininyima usingizi. Mwaka 1976 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Benson, Karabenick na Lerner, walichapisha matokeo ya utafiti walioufanyia katika uwanja wa ndege wa Detroit. Waliacha ndani ya vibanda vya simu maombi ya nafasi ya masomo ya chuo kikuu, yaliyokwisha kujazwa, pamoja na bahasha yenye anwani na stempu. Kulikuwa na kijikaratasi kilichoonyesha kwamba mwanafunzi alimwomba baba yake ayatie maombi hayo posta, na baba, yamkini, akayasahau. Juu ya maombi palikuwa na picha ya mwombaji. Picha ndiyo iliyobadilishwa: mara uso wa kupendeza, mara uso usiopendeza. Mambo mengine yaliachwa vilevile.

Kisha watafiti wakakaa mbali na kutazama. Watu wazima 604 waliingia vibandani kupiga simu na kuikuta karatasi ile. Swali lilikuwa jepesi: je, mtu huyu ataitia barua posta, au atamtafutia mwenyewe, au ataiacha palepale? Pale ambapo picha ilikuwa ya kupendeza, watu 47 katika kila 100 walisaidia. Pale ambapo haikuwa ya kupendeza, walisaidia 35. Aidha, waombaji Weupe walisaidiwa zaidi kuliko Weusi.

Naomba msomaji atulie kidogo juu ya jambo hili, kwa maana ndipo penye uzito. Tumezoea kusema kwamba mrembo husaidiwa kwa sababu anayemsaidia ana matumaini yake. Kijana hubeba mzigo wa binti pale stendi ya Matunda akitarajia jina, au angalau tabasamu. Lakini pale Detroit hapakuwa na wa kutabasamu. Mwombaji hakuwapo, hangejua kamwe ni nani aliyemsaidia, wala hapakuwa na shahidi aliyeonekana. Hata hivyo sura ilifanya kazi yake. Basi matumaini ya malipo hayatoshi kuwa maelezo.

Maelezo yanayotosha zaidi ni ya kale. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha kwamba wakuu wa jeshi walipowapima askari wao, sifa moja njema ilizipaka rangi sifa nyingine zote: aliyeonekana nadhifu alihesabiwa pia kuwa na akili na uaminifu. Mwaka 1972 Dion, Berscheid na Walster wakaonyesha kwamba wanafunzi waliopewa picha za watu wasiowajua waliwadhania wenye sura nzuri kuwa ndio wenye tabia njema na maisha yenye heri. Kwa hiyo macho hayatuambii tu kwamba huyu ni mzuri wa sura. Yanatuambia kwamba ni mwema, kwamba msaada hautapotea mikononi mwake, na yanatuambia hayo kabla hatujasoma mstari wa kwanza wa fomu.

Ubaya ni kwamba hatujisikii tukifanya hivyo. Mwaka 1975 West na Brown walichapisha jaribio ambalo msichana aliwaomba wanaume wapita njia fedha za kuchomwa sindano ya pepopunda, akidai kwamba ameumwa na panya. Msichana huyohuyo aliyepambwa apendeze alipewa fedha nyingi zaidi kuliko alipofanywa asipendeze. Lakini watu wengine walipoelezwa kisa hicho tu na kuulizwa wangefanya nini, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa maneno mengine, ulimi ulisema haki na mkono ukatenda vingine. Ndiyo maana mambo haya hayawezi kujulikana kwa kuulizana maswali ukumbini. Hujulikana nyanjani, pale mtu asipojua kwamba anapimwa.

Huenda mtu akasema kwamba Detroit si Likuyani. Basi na tuje kwetu. Mwaka 2005 kulianzishwa mtandao uitwao Kiva, na waliokopeshwa kwanza walikuwa wafanyabiashara wadogo wa Tororo, Uganda, mji usio mbali na mpaka wetu wa magharibi. Tangu hapo Wakenya wengi nao wamepitia humo. Mkopaji huwekwa picha yake na maelezo mafupi: anauza nini, anaomba kiasi gani. Wageni walio mbali humchangia mkopo pasipo riba kwao. Wengi wao wanafanya wema, si biashara.

Mwaka 2015 wanauchumi Jenq, Pan na Theseira walichapisha uchunguzi wa mikopo ya mtandao huo. Waligundua kwamba wakopeshaji waliwapendelea wenye sura nzuri, wenye ngozi nyeupe zaidi na wasio wanene, yaani fedha zao zilitimia upesi zaidi. Walikadiria pia ukubwa wa upendeleo huo. Mtu aliyezidi wastani wa sura kiasi cha kuwapita takriban watu 84 katika 100 alitendewa kana kwamba anaomba fedha pungufu kwa asilimia 11 hivi. Tuseme wanawake wawili wanaomba shilingi 50,000 kila mmoja ili kununua mbolea. Yule mzuri huchangiwa kwa kasi ya mtu aliyeomba 44,500 tu.

Je, pengine wakopeshaji walikuwa na busara fulani? Pengine mwenye sura nzuri hulipa vizuri zaidi? Watafiti waliliangalia hilo pia, na jibu ni kwamba kwa jumla sura haikuwa na uhusiano na ulipaji wa mkopo. Ulikuwa upendeleo mtupu. Lakini waliona jambo moja la kutia moyo: wakopeshaji wenye uzoefu walionyesha upendeleo mdogo kuliko wageni wa kazi hiyo. Inaelekea kwamba aliyezoea kusoma maelezo huitegemea picha kidogo zaidi.

Hali ni hiyohiyo katika bakshishi. Mwanauchumi Matt Parrett aliwahoji wateja waliokuwa wakitoka katika mikahawa mitano ya jimbo la Virginia, na mwaka 2015 akaeleza kwamba wahudumu wenye sura nzuri hupata kwa mwaka dola 1,261 hivi zaidi ya wenzao. Na wala si wanaume waliotoa nyingi ya tofauti hiyo, bali ni wateja wanawake waliowapa zaidi wahudumu wanawake wenye kupendeza. Wale wanaocheka kwamba haya ni mambo ya wanaume wakware, na watafakari upya.

Sharti pia niseme kwamba si kila jaribio la namna hii ni la kuaminiwa. Mfaransa Nicolas Guéguen alijulikana ulimwenguni kwa makala mengi ya nyanjani kuhusu viatu virefu, nywele na rangi za mavazi. Kuanzia mwaka 2017 watafiti Nicholas Brown na James Heathers walitangaza kwamba takwimu kadhaa katika kazi zake haziingii akilini, na mwaka 2019 jarida moja likaifuta makala yake kuhusu wanawake waliovaa visigino virefu. Mwanafunzi na ajifunze dalili. Matokeo ya kweli huwa ya kadiri, kama wale 12 katika 100 wa Detroit. Mtu akikuletea jaribio ambalo kiatu kimewageuza karibu watu wote, mwulize aliwahesabuje.

Wala tusiyakuze ya Detroit yenyewe. Hata pale penye picha nzuri, watu 53 katika 100 waliiacha barua kibandani. Sura si kila kitu. Lakini kamati yenye fedha za watoto 12 kati ya 31 haihitaji upendeleo mkubwa ili kumfungia mtoto mlango. Alama moja au mbili zatosha.

Tena, katika fomu zetu kuna dhuluma nyingine ndani ya dhuluma. Picha ya studio hugharimu fedha. Mtoto mwenye dhiki zaidi ndiye aletaye picha mbaya zaidi, na kwa hiyo umaskini wenyewe, ambao ndio tuliotumwa kuutafuta, humshusha alama.

Niliwaeleza wenzangu niliyoyafanya, na sikusifiwa. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa tutamjuaje asiyekuwa mtoto wetu akija kuchukua pesa?" Swali lake lilikuwa la haki. Tukakubaliana kwamba picha itiwe katika bahasha iliyofungwa, ifunguliwe siku ya kutoa fedha tu. Fomu ipewe nambari badala ya jina, na kila mmoja wetu aandike alama zake kabla ya kikao, si baada ya kusikia wengine wanasema nini. Ziara ya nyumbani ingali lazima, na huko uso utaonekana. Lakini alama zitakuwa zimekwisha kuandikwa, na atakayetaka kuzibadilisha atalazimika kutaja sababu mbele ya wenziwe.

Walimu wenzangu, mnaoketi katika kamati za karo, na mnaoandika barua za kuwapendekeza wanafunzi, fanyeni jambo moja kabla hamjanibishia. Chukueni fomu za mwaka uliopita, zifunikeni picha, mtoe alama upya, kisha mlinganishe. Mimi nilifanya hivyo kwa fomu 31, na mvulana mwenye kovu nusura abaki nyumbani kwa ajili ya shavu lake.