Si kila mume aliyepoa ni mgonjwa

Mwandishi, umeharakisha kutaja ugonjwa mume anapopungukiwa na hamu ya tendo la ndoa. Chukua mwanamume wa hapa kwetu Chebunyo: ana miaka 45, anaamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ng'ombe, mchana yuko kwenye pikipiki, jioni karo ya watoto inamsumbua kichwani. Yeye anatosheka mara moja kwa wiki, mkewe angependa mara tatu. Hapo hakuna mgonjwa. Kuna watu wawili wenye viwango tofauti, na hicho ndicho cha kuzungumza. Kama bado anaamka mwili umesimama, na hamu humrudia akipumzika, kwa kawaida homoni zake hazina shida.

Kinachonitia wasiwasi ni hamu iliyokatika ghafla kwa mtu aliyekuwa nayo, ikikaa miezi, tena hata kule kusimama kwa alfajiri kumetoweka. Huyo apimwe sukari na presha, aseme dawa anazomeza (baadhi ya zile za msongo wa mawazo hupunguza hamu), na testosteroni ipimwe asubuhi, siku mbili tofauti. Na hivyo vidonge vya bluu vya dukani, jamani, husukuma damu tu. Hamu havileti.